Maji Matamu, Udongo Uliogoma Kunywa

Maswali ya wakulima wa umwagiliaji yanayofika kwenye ukurasa huu kila kiangazi yanafanana sana. Kisima kimechimbwa, maji ni matamu, familia inayanywa, kipimo cha mkononi cha kupima chumvi kimesoma namba ndogo. Lakini baada ya misimu miwili mitatu shamba la mfinyanzi limegoma kunywa maji: yanasimama juu siku nzima, yana rangi ya chai ya maziwa, na udongo ukikauka jembe linadunda. Mkulima anaambiwa udongo umechoka, au mbegu haikuwa nzuri, na jirani anamuuzia chupa ya dawa. Wachache huambiwa kwamba huenda chanzo ni maji yale yale matamu, na wakiambiwa hawaamini, kwa sababu wengi wetu tunadhani maji mabaya kwa shamba ni yale yanayowasha ulimi.

Ulimi hupima wingi wa chumvi, na kile kipimo cha mkononi nacho kinafanya hivyo hivyo. Maabara huandika wingi huo kwa herufi EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa kizio cha desisimensi kwa mita (dS/m). Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulioandikwa na Ayers na Westcot mwaka 1985, ambao bado unatumika duniani kote, unasema EC chini ya 0.7 haina tatizo la chumvi kwa mazao, na ikizidi 3 tatizo ni kubwa. Hapo wengi hufunga karatasi ya majibu. Lakini wingi wa chumvi unaeleza tu kama mzizi utapata shida kunyonya maji. Hauelezi kama maji yataufikia mzizi. Kwa mfinyanzi, swali hilo la pili ndilo la kwanza kuulizwa, na jibu lake liko kwenye namba nyingine, SAR, inayolinganisha sodiamu na kalsiamu pamoja na magnesiamu: SAR = Na / √((Ca + Mg) / 2), vipimo vyote vikiwa katika milikwivalenti kwa lita.

Hapa naomba subira, kwa sababu asiyeelewa kinachotokea kati ya chembe za mfinyanzi ataendelea kununua chupa. Mfinyanzi ni vibamba vyembamba sana vilivyolala juu ya vingine kama kurasa za kitabu, na kila kibamba kina chaji hasi. Chaji hiyo huvuta ioni chanya kutoka kwenye maji. Kalsiamu ina chaji mbili na hushika karibu na kibamba, hivyo vibamba hukaa pamoja na kutengeneza punje zenye nafasi za maji na hewa kupita. Sodiamu ina chaji moja tu, basi hukaa mbali kidogo na kutanda kama wingu pana. Mawingu ya vibamba viwili yakikutana husukumana, vibamba huachana, punje huvimba na kumeguka, na vumbi lake linaziba njia zile zile ambazo maji yangepita. Mchanga hauna vibamba hivyo vya kutosha, ndiyo maana maji yale yale yanaweza kumpa mtu wa shamba la kichanga mavuno mazuri huku mwenzake wa udongo mweusi wa mbuga akiharibikiwa.

Ila kuna jambo linalopindua mazoea yetu yote. Upana wa wingu la sodiamu unategemea pia chumvi iliyomo kwenye maji yanayolizunguka. Maji yenye chumvi nyingi hulibana wingu hilo, na vibamba hubaki pamoja hata kama sodiamu ni nyingi. Maji yenye chumvi kidogo huliachia litanuke. Quirk na Schofield walilionyesha hili mwaka 1955: kwa kila kiwango cha sodiamu kwenye udongo kuna kiwango cha chini cha chumvi ambacho maji yakishuka chini yake, udongo huanza kuziba. Kwa hiyo SAR peke yake haina hukumu. Mwongozo wa 1985 unazisoma namba mbili pamoja: maji yenye SAR kati ya 3 na 6 hayatishi iwapo EC imezidi 1.2, lakini ni hatari ikishuka chini ya 0.3. SAR ikiwa kati ya 6 na 12, usalama unaanza EC inapozidi 1.9, na hatari kubwa iko chini ya 0.5. Maana yake, maji matamu yenye sodiamu ndiyo mabaya kuliko yote kwa mfinyanzi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kisima cha kwanza kina sodiamu miligramu 92 kwa lita, kalsiamu 6 na magnesiamu 2.4. Tukigawanya kwa 23, 20 na 12 tunapata milikwivalenti 4, 0.3 na 0.2. Kalsiamu na magnesiamu jumla yake ni 0.5, nusu yake 0.25, na kipeuo cha pili chake ni 0.5. SAR ni 4 gawanya kwa 0.5, yaani 8. Jumla ya ioni chanya ni 4.5, na ukigawanya kwa 10 unapata EC ya kukadiria ya 0.45. Kisima cha pili kina sodiamu milikwivalenti 6, kalsiamu 5 na magnesiamu 3: SAR ni 3, EC 1.4. Cha pili kina sodiamu nyingi zaidi na ulimi utaikataa ladha yake. Maharage yatalalamika, maana mavuno yake huanza kupungua maji yakizidi 0.7, na mahindi nayo yatapungua kidogo. Lakini maji yake yataingia ardhini. Kisima cha kwanza, ambacho kila mtu angekisifu, kiko kwenye eneo la hatari kubwa kwa shamba la mfinyanzi.

Maji ya aina ya kisima cha kwanza si ya kubuni tu. Miamba ya volkano ya Mlima Meru imejaa sodiamu, na maji mengi ya ardhini kuuzunguka mlima huo ni ya sodiamu na bikaboneti. Bikaboneti huongeza ubaya: maji yakipungua shambani kwa jua, hushikana na kalsiamu na kuigeuza chokaa isiyoyeyuka, sodiamu ikabaki bila mpinzani. (Maji hayo hayo huwa na floraidi nyingi, kwa sababu upungufu wa kalsiamu huiacha ibaki kwenye maji. Kwa hiyo SAR isitumike kuamua maji ya kunywa.) Kwenye tambarare za kusini mwa Moshi, upande wa Kahe na Arusha Chini, udongo wa magadi ni jambo linalojulikana.

Msomaji makini atauliza: mbona kiangazi shamba linakunywa, linagoma masika? Ndilo swali zuri kuliko yote. Kiangazi mimea hunyonya maji na kuacha chumvi. Maji ya kisima cha kwanza yakipungua hadi robo, EC hupanda mara nne hadi 1.8, na SAR, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili, hupanda mara mbili hadi 16. Sodiamu inajishika kwenye mfinyanzi kwa wingi, lakini chumvi iliyoongezeka inaendelea kulibana wingu. Kisha inanyesha mvua, ambayo karibu haina chumvi kabisa. EC inaporomoka, sodiamu iliyoshikwa na mfinyanzi inabaki, na udongo unaziba kwa siku chache. Mkulima analaumu mvua kwa kosa lililofanywa na kisima kwa miezi mitano. Mwingine atasema kwamba kwa kanuni ile ile mvua inayazimua maji na kupunguza SAR. Ni kweli kwa maji yaliyo kwenye glasi. Kwenye mfinyanzi kuna akiba ya sodiamu kubwa kuliko iliyomo kwenye maji yaliyouzunguka, nayo haiondoki bila kalsiamu ya kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana ushauri wa "mwagilia maji mengi uioshe" ni sahihi kwa chumvi na ni balaa kwa magadi.

Wapo wanaosema wao wanalima mpunga, na mpunga unataka maji yasimame. Hoja hii ina uzito: mpunga huvumilia magadi kuliko mahindi au maharage, na udongo wa jaruba unavurugwa kwa makusudi. Lakini maji yasiyopenya hayawezi kuiondoa chumvi iliyobaki, na siku ukitaka kupanda vitunguu baada ya mpunga utakuta umejenga sakafu.

Kuhakiki nyumbani ni rahisi. Chukua bonge kavu la udongo lenye ukubwa wa punje ya mbaazi, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Rudia na maji ya kisima. Bonge likivunjika tu, si ushahidi. Likizungukwa na ukungu wa maziwa baada ya saa chache, mfinyanzi unatawanyika. Ukungu ukitokea kwenye glasi ya mvua tu, umeshajua masika itakufanyia nini.

Dawa ni kalsiamu inayoyeyuka, na ya bei nafuu ni jasi, ambayo inachimbwa Makanya wilayani Same. Kuongeza milikwivalenti 2 za kalsiamu kwenye maji ya kisima cha kwanza kunaishusha SAR hadi 3.6 na kuipandisha EC hadi 0.65, na tunatoka kwenye hatari kubwa. Inahitajika jasi safi kilo 172 kwa kila mita za ujazo 1,000. Kwa msimu wa milimita 600 za umwagiliaji ni kilo 420 hivi kwa ekari, na zaidi jasi ikiwa na uchafu au maji yakiwa na bikaboneti nyingi. Nyingine itawanywe juu ya udongo kabla ya masika, ili mvua ikute cha kuyeyusha. Australia hutumia tani 2.5 hadi 5 kwa hekta. Chokaa ya kawaida haifai, maana kwenye udongo wa magadi karibu haiyeyuki. Samadi inasaidia, lakini haiitoi sodiamu.

Na zile chupa? Kilo 420 za jasi zina karibu kilo 98 za kalsiamu. Lita moja ya "kirutubisho cha udongo" kwa ekari haiwezi kuibeba hata ingejaa kalsiamu tupu. Bomba la sumaku linalouzwa kuyatibu maji ni aibu zaidi: ioni ya sodiamu inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ikiwa ile ile. Kabla ya kulipa, vuta maji kwa pampu kwa muda, suuza chupa safi mara tatu kwa maji hayo, jaza nusu lita, na iombe maabara ikupimie sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti na EC. Muuzaji naye mpe chupa ya pili apitishe kwenye sumaku yake, kisha zipimwe zote mbili kwa gharama yake.