Muhtasari wa tuzo ya usuluhishi: ulipe wakili, usome gazeti au uuandike mwenyewe?

Mgogoro wa kibiashara ukiishia kwa msuluhishi badala ya mahakamani, mwisho wake ni waraka unaoitwa tuzo. Waraka huo unaweza kuwa na kurasa 30, au zaidi ya 200, na kwa kawaida umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Wanaosubiri kujua umesema nini ni wengi: wanahisa, wanachama wa ushirika, benki iliyokopesha, mzabuni ambaye bado anadai malipo yake. Wote hao wanahitaji mambo manne: ugomvi ulikuwa nini, kila upande ulidai nini, msuluhishi ameamua nini, na nani amlipe nani kiasi gani. Muhtasari unaoacha moja kati ya hayo unaweza kukugharimu kuliko ulivyolipia.

Kuna njia tatu za kuupata. Nimezipima kwa kutumia tuzo moja ambayo Watanzania wengi waliisikia, ile ya kampuni ya Biwater Gauff dhidi ya serikali ya Tanzania kuhusu maji ya Dar es Salaam. Tuzo hiyo ilitolewa tarehe 24 Julai 2008 chini ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Iko wazi kwa umma, na mtu yeyote anaweza kuipakua bure kwenye italaw.com.

Njia ya kwanza: habari ya gazeti

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Unalipa bei ya gazeti, au hulipi kitu, na dakika tano zinatosha. Tatizo ni kwamba habari huwa na nafasi ya sentensi moja tu kuhusu matokeo. Katika kesi hii, mwandishi angeweza kuandika kwamba Tanzania ilionekana kuvunja mkataba wa kimataifa, na angekuwa amesema kweli. Mwingine angeweza kuandika kwamba mwekezaji hakuambulia hata senti, naye angekuwa amesema kweli. Mfanyabiashara aliyesoma habari ya kwanza angedhani serikali inadaiwa mamilioni ya dola, na aliyesoma ya pili angedhani serikali haikufanya kosa lolote. Wote wawili wangekuwa wamepotea.

Habari ya gazeti inatosha kama unachotaka ni kujua tu kwamba tuzo imetoka. Usifanye uamuzi wowote wa fedha kwa kuitegemea peke yake.

Njia ya pili: kumlipa wakili

Wakili anayefanya kazi za usuluhishi atakupa muhtasari wa kuaminika, na kama wewe ni mmoja wa wahusika atakuambia pia kama kuna njia ya kuipinga tuzo. Bei hutegemea urefu wa waraka na namna mlivyokubaliana. Wengine hutoza kwa saa, wengine kwa kazi nzima. Kwa muhtasari, bei ya kazi nzima ni salama zaidi kwako, kwa kuwa tuzo ndefu hula saa nyingi na huwezi kujua mapema ni ngapi.

Kabla ya kukubali bei, uliza mambo matatu. Je, muhtasari utaonyesha hoja za pande zote mbili au za upande wako tu? Je, bei hiyo ni pamoja na hesabu ya riba hadi tarehe fulani? Je, utaandikiwa siku ya mwisho ya kuomba marekebisho au kupinga tuzo? Jambo la tatu ndilo husahaulika mara nyingi. Nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inampa mhusika siku 30 tangu apokee tuzo kuomba kosa la hesabu au la uchapaji lirekebishwe, na miezi 3 kuiomba Mahakama Kuu itengue tuzo. Muhtasari mzuri unaokufikia mwezi wa nne umekosa kazi yake kubwa.

Njia ya tatu: kuuandika mwenyewe

Anayesoma Kiingereza vizuri anaweza kuifanya kazi hii bila kulipa mtu, mradi aanze mahali panapofaa. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho, kwenye sehemu yenye amri za msuluhishi, ambayo kwa kawaida huanza kwa maneno yenye maana ya “kwa sababu zilizotajwa, tunaamuru”. Ziandike amri hizo zote jinsi zilivyo. Kisha rudi nyuma ukatafute sababu ya kila amri, halafu hoja za wahusika, na historia ya ugomvi uiandike mwisho. Ukianza na historia utachoka kabla ya kufika kwenye fedha.

Tuzo ya Biwater, ikisomwa hivyo, inatoa muhtasari kama huu:

*Mgogoro.* Mwaka 2003 Tanzania ilipata fedha za Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya za kukarabati maji na majitaka Dar es Salaam, kwa sharti kwamba uendeshaji upewe kampuni binafsi. Kampuni ya City Water, ambayo Biwater Gauff ilikuwa na hisa nyingi ndani yake pamoja na mbia wa Kitanzania, ilikodishiwa mtandao wa mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, kwa miaka 10 na ikaanza kazi Agosti 2003. Makusanyo hayakufikia matarajio, na mazungumzo ya kubadilisha masharti yakashindikana. Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni serikali ilichukua ofisi na shughuli za City Water, na viongozi wake wa kigeni wakaondolewa nchini.

*Hoja za mdai.* Biwater Gauff ilisema serikali iliitwaa mali yake bila fidia, kinyume na mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uingereza na Tanzania. Ililalamikia tangazo la waziri, kuondolewa kwa msamaha wa kodi ya VAT, na uvamizi wa tarehe 1 Juni. Ilidai takriban dola milioni 20.

*Hoja za mdaiwa.* Tanzania ilisema City Water iliweka zabuni bila maandalizi ya kutosha na ikashindwa kazi, kwamba huu ulikuwa mgogoro wa kawaida wa mkataba, na kwamba maji ya jiji hayakuweza kusubiri. Iliongeza kwamba kampuni ilikuwa imekwisha thamani, kwa hiyo hata kama kulikuwa na kosa, hakukuwa na hasara ya kufidia.

*Uamuzi.* Jopo la wasuluhishi watatu lilikubali kwamba City Water iliendesha kazi vibaya. Hata hivyo, lilisema serikali haikungoja mkataba ufikie mwisho wake kwa njia iliyokubaliwa. Matendo yake ya Mei na Juni yalivunja mkataba wa uwekezaji, na uvamizi ulikuwa utwaaji wa mali. Lakini hasara ya mdai haikutokana na matendo hayo. Kufikia tarehe 1 Juni kampuni haikuwa na thamani yoyote ya kifedha, na mkataba ulikuwa ukielekea kuvunjika ndani ya wiki chache. Msuluhishi mmoja, Gary Born, alifika kwenye matokeo hayo hayo ya fedha kwa sababu tofauti kidogo.

*Kiasi kilichoamriwa.* Fidia: 0. Kila upande ujilipie mawakili wake, na gharama za jopo zigawanywe nusu kwa nusu.

Aliyesoma sehemu ya uamuzi peke yake angetarajia hundi, wakati sehemu ya mwisho inasema hakuna hundi. Ndiyo maana sehemu hizi mbili ziandikwe mbalimbali, kila moja kwa kichwa chake. Kuna hatari nyingine pia. Mgogoro huu ulikuwa na usuluhishi wa pili, uliofunguliwa na City Water dhidi ya DAWASA kwa mkataba wa kukodisha wenyewe. Huko City Water ilishindwa, na mwanzoni mwa 2008 iliripotiwa kwamba imeamriwa kuilipa DAWASA takriban pauni milioni 3. Wahusika ni tofauti, mkataba ni tofauti na fedha ni tofauti. Muhtasari usiotaja ni tuzo ipi kati ya hizo mbili utachanganya hesabu zote.

Hesabu ambayo ndiyo huharibika

Katika tuzo ya Biwater hesabu ilikuwa nyepesi. Katika tuzo nyingi za wajenzi na wazabuni, fedha zimetawanywa kwenye aya mbalimbali. Tuchukue mfano wa kubuni. Mjenzi ameshinda shilingi milioni 48. Mwenye jengo naye ameshinda madai kinzani ya milioni 9 kwa kazi mbovu ya paa. Ada ya msuluhishi ni milioni 6, mjenzi ameilipa yote mapema, na tuzo inasema mwenye jengo abebe theluthi mbili. Riba ni asilimia 7 kwa mwaka, bila riba juu ya riba, kuanzia siku ya tuzo, na juu ya deni kuu tu.

Deni kuu halisi ni 48,000,000 kutoa 9,000,000, yaani 39,000,000. Marejesho ya ada ni 4,000,000. Siku ya tuzo, mwenye jengo anadaiwa 43,000,000. Akichelewa siku 90, riba ya 39,000,000 ni shilingi 673,151, na deni linakuwa 43,673,151. Anayeandika “mjenzi ameshinda milioni 48” amekosea kwa milioni 5 siku ya tuzo, na bado hajamwambia msomaji kwamba kila siku ya kuchelewa inaongeza takriban shilingi 7,480.

Kwa hiyo, sehemu ya fedha iandike kwa mistari mitano daima: deni kuu, kinachopunguzwa, riba na tarehe inapoanzia, gharama za usuluhishi, gharama za mawakili. Mstari usio na kitu uandike 0 badala ya kuuacha.

Uchague ipi?

| Hali yako | Njia inayofaa | Unacholipa |
|---|---|---|
| Unataka kujua tu kilichotokea | Gazeti | Dakika chache |
| Unawaeleza wanachama au benki | Kuandika mwenyewe, wakili akague ukurasa wa fedha | Siku ya kazi na ada ndogo |
| Wewe ndiye mdai au mdaiwa | Wakili, kwa bei ya kazi nzima | Ada kamili, mapema |

Kwa walio wengi ninapendekeza njia ya katikati. Andika sehemu nne mwenyewe, kisha mlipe wakili akague amri, riba na siku za mwisho peke yake. Kukagua kurasa tatu kunagharimu sehemu ndogo ya kile kinacholipwa kwa kusoma mia mbili, na kurasa hizo tatu ndizo kosa linapoumiza. Lakini kama jina lako limo kwenye tuzo, usiokoe fedha hapo: mpelekee wakili waraka wote wiki hiyo hiyo unapoupokea, kwa kuwa siku za kuipinga zimekwisha anza kuhesabiwa.