Kujumlisha Ada za Mwezi Kutoka kwa Picha ya Taarifa ya M-PESA

Katika taarifa ya M-PESA ya Kenya, ada ya muamala haichanganywi na pesa zilizotumwa au kutolewa. Huandikwa kwenye mstari wake. Anayetuma shilingi 2,000 huona mstari wa 2,000 na mwingine wa 33, na chini ya safu ya "Details" mstari huo wa pili huwa na neno "Charge". Mistari yote miwili hubeba nambari moja ya risiti na saa moja. Kwa hiyo kupata ada za mwezi ni kuitafuta mistari ya "Charge" na kuijumlisha. Kazi hiyo ni nyepesi mtu akiwa na faili yenyewe ya PDF. Huwa ngumu pale kilichopo ni picha za simu za karatasi zilizochapishwa, kwa sababu picha huficha mistari na kuharibu tarakimu bila kutoa dalili yoyote.

Hatua ya kwanza ni kuzipanga picha. Taarifa huanza na muamala wa karibuni na kuishia na wa zamani, hivyo mwanzo wa mwezi uko mwishoni mwa karatasi. Mpiga picha mwangalifu huacha mistari michache ya picha moja ijirudie kwenye picha inayofuata, ili kisikosekane kitu katikati. Mistari hiyo iliyojirudia lazima iondolewe wakati wa kunakili, na hapo ndipo wengi huharibu hesabu. Mtu akifuta kila mstari ambao nambari yake ya risiti imekwisha kuonekana, atafuta karibu ada zote za mwezi, maana ada na muamala wake hushiriki nambari moja. Mstari ni wa kufutwa pale tu ambapo risiti, maelezo, kiasi na salio vyote vinafanana.

Baada ya hapo mistari yote ya mwezi hunakiliwa, ya ada na isiyo ya ada. Kunakili ada peke yake kunaonekana kuokoa muda, lakini kunatupa chombo pekee cha kugundua makosa, yaani safu ya "Balance". Salio la kila mstari ni salio lililotangulia, likiongezwa kilichoingia ("Paid In") na kupunguzwa kilichotoka ("Withdrawn"). Mstari ukikosekana au tarakimu ikisomwa vibaya, mfuatano huo hukatika mahali palepale penye kosa.

Tuseme mwenye kibanda cha mboga ana picha za taarifa ya Juni. Salio la kuanzia mwezi ni 4,210, na la kufunga ni 9,383. Zimeingia 96,400. Alituma 28,700, akatoa 40,000 kwa wakala, na kulipa wauzaji 21,600 kwa Lipa na M-PESA kupitia "Buy Goods", ambako mnunuzi hakatwi ada. Katika kunakili imeonekana mistari 18 ya "Charge", jumla yake 863. Kwa takwimu hizo salio la kufunga lingekuwa 9,447. Taarifa yenyewe inasema 9,383. Kuna tofauti ya 64.

Kishawishi hapa ni kuichukua 64 kuwa ada iliyofichika na kuiongeza. Lakini hakuna kiwango cha ada cha 64 kwa kutuma wala kwa kutoa, na tofauti ya mwisho inaweza kuwa makosa mawili yaliyokatana. Njia ya uhakika ni kufuata salio mstari kwa mstari, kuanzia muamala wa zamani. Kwenye mkunjo wa karatasi, mistari inayosomeka ni hii, ikipangwa kutoka wa zamani hadi wa karibuni:

```
Maelezo           Imeingia   Imetoka    Salio
(mstari wa awali)                      12,640
Kutoa kwa wakala              5,000     7,640
Kupokea              1,500              9,071
```

Shilingi 7,640 na 1,500 ni 9,140, wala si 9,071. Zimepotea 69. Katika viwango vilivyoanza Julai 2023, kutoa kati ya 3,501 na 5,000 kwa wakala hutozwa shilingi 69 kamili. Kwa hiyo mkunjo umemeza mstari wa ada ya pesa zilizotolewa, na kiasi chake kimejulikana bila kuonekana.

Mbele zaidi mfuatano unakatika tena. Ada ya kutuma 2,000 imenakiliwa 38, ilhali salio limeshuka kwa 33 tu. Tarakimu 3 na 8 hufanana sana picha inapotikisika au mwanga wa taa unapoipiga karatasi. Likiwa salio limesema 33, na kiwango cha kutuma kati ya 1,501 na 2,500 kikiwa 33, basi 38 ni kosa la macho. Kupungua kwa 5 na kuongezeka kwa 69 ndiko kulikotoa ile 64. Ada sahihi ni 863, toa 5, ongeza 69: shilingi 927 katika mistari 19. Sasa salio la kufunga linatoka 9,383, kama lilivyoandikwa.

Kuna jambo moja la kuangalia katika ufuatiliaji huu. Ada na muamala wake hutokea sekunde moja, na mara nyingine mstari wa ada huchapishwa upande usiotarajiwa wa muamala wake. Salio likionekana kukatika kati ya mistari miwili yenye risiti moja, ichukuliwe kama jozi kabla ya kutafuta kosa.

Salio lina mpaka wake pia. Linathibitisha kwamba kila shilingi imeonekana, lakini halijui ipi ni ada na ipi si ada. Uainishaji hukaguliwa kwa jedwali la viwango: kila kutuma kwa mtu mwingine wa M-PESA zaidi ya shilingi 100, na kila kutoa kwa wakala, kuwe na mwenzake wa "Charge" chini ya risiti hiyohiyo. Katika kibanda hiki, mara sita za kutuma 2,000, mara tatu za 4,500 na mara nne za 800 hutoa ada 421. Mara nne za kutoa 5,000 na mbili za 10,000 hutoa 506. Jumla ni 927, na idadi ni mistari 19. Malipo ya "Pay Bill" yasikisiwe kwa jedwali, kwa sababu baadhi ya biashara hujilipia ada na mteja hakatwi.

Mambo mawili hubaki nje ya jumla hiyo. La kwanza ni "ya kutoa", zile shilingi ambazo mtumaji humwongezea mpokeaji ili asipungukiwe kwa wakala. Kwenye taarifa ya mtumaji hizo ni sehemu ya pesa alizotuma, na ada yenyewe itakatwa kwa mpokeaji. La pili ni gharama ya Fuliza, ambayo imo ndani ya kiasi cha kulipa deni. Hiyo ni bei ya mkopo, na huandikwa kando ili isiongeze ada za kutuma na kutoa.