Mposaji na Mwili Uliobadilika

Mwanamke asiye na mimba, akishamaliza eda yake, huanza kujiwa na posa. Aliyefiwa hukaa miezi 4 na siku 10. Aliyeachwa naye, ikiwa apata hedhi, hukaa tohara 3. Wako wanaozikataa posa zote, na kila mposaji wakamwona ana ila: huyu mkali, yule kazi yake ya mbali. Wazee waonapo hivyo yawapasa watambue kuwa huenda bibi huyo auonea haya mwili wake, kwa tumbo lililolegea kwa uzazi, au kovu la kupasuliwa, au ziwa lililoondolewa kwa saratani.

Basi na ajue kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi, aibu za mke zimpazo mume hiari ya kuvunja ndoa ni chache na zimetajwa: wazimu, ukoma, barasi, na kuzibika kwa tupu. Kovu na ziwa moja hayamo. Wala wanaume hawakuachwa nje. Mume asiyeweza kumwingilia mkewe, akishtakiwa kwa kadhi, hupewa muhula wa mwaka 1.

Lakini lisilovunja ndoa laweza kuchafua nyoyo likigunduliwa usiku wa kwanza. Bibi Ummu Salama, aliyefiwa na Abu Salama katika mwaka wa 4 wa Hijra, alipoposwa na Mtume (S.A.W.) alitoa udhuru wake mapema: umri umekwenda, ana wivu, na ana watoto. Mtume akamjibu kila moja, na juu ya umri akamwambia kuwa yeye ni mkubwa zaidi. Ndipo wakaoana.

Tuchukue mfano wa mjane wa miaka 38, mwenye watoto 3, aliyekatwa ziwa. Mposaji amekwisha kuja, na mbele ya maharimu wa mjane ametazama uso na viganja, kama sheria inavyomruhusu. Wakati wa kusema ni hapo, kabla ya kukata mahari. Akisema kabla ya kutazamwa, siri yake itazunguka kwa watu wasio na haja nayo. Akingoja baada ya akdi, mume atajiona amedanganywa. Asimame shangazi yake amwambie dada wa mposaji, kwa maneno machache: ziwa la kushoto limeondolewa, na mkono wa upande huo huvimba akibeba vizito. Dada huyo amebeba amana, hata posa ikivunjika. Akishasema hivyo, kuvaa sidiria iliyojazwa pamba si udanganyifu.

Jibu la mume nalo lasomeka. Akiuliza kama matibabu yamekwisha, na ni nani atakayempeleka hospitali, huyo anafikiria kuishi naye. Akiomba mahari ipunguzwe, shangazi na amrudishie posa yake siku ile ile.