Cheti cha chama mnacho, lakini kiwanja ni cha nani?

Vyama vingi vya mitaa yetu huanza kwa mazishi, madrasa au karo za mayatima. Watu huchanga, daftari linafunguliwa, na siku moja cheti cha Msajili wa Vyama kinapatikana. Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Cheti hicho kinakifanya chama kiwe halali, lakini hakikipi uwezo wa kumiliki ardhi kwa jina lake chenyewe. Hilo ndilo jambo linalovunja vyama miaka kumi baadaye, na ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inahusu jumuiya ya watu kumi au zaidi, iwe ni ya mtaa, ya michezo au kanisa. Ombi la usajili linatakiwa lipelekwe kwa Msajili ndani ya siku 28 tangu chama kuundwa, pamoja na katiba yake. Msajili huitazama katiba hiyo kuona kama inasema mambo fulani: wanachama ni nani na ada ni kiasi gani, viongozi na wadhamini wanachaguliwa na kuondolewa vipi, fedha na mali zinawekwa na nani na zitumike kwa kazi gani, hesabu zinakaguliwa lini, na chama kikivunjwa mali iende wapi. Katiba pia ikataze fedha za chama kugawanywa kwa wanachama. Wengi hunakili katiba ya chama kingine na kubadilisha jina tu. Matokeo yake ni kwamba kifungu cha wadhamini kinakuwa mstari mmoja usioeleza chochote, na mzozo ukizuka hakuna pa kushika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha mtaa kina wanachama 40, na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka, na katika miaka mitano shilingi 480,000. Wakanunua kiwanja cha kujenga madrasa. Siku ya kuandikiana, wakili akauliza hati iandikwe jina la nani. Kwa kuwa chama hakiwezi kuandikwa, na mwenyekiti ni mzee mwaminifu anayeheshimiwa na wote, wakasema iandikwe jina lake.

Mzee akafariki. Watoto wake wakafungua sanduku, wakakuta hati yenye jina la baba yao. Hawana nia mbaya, kwani karatasi inasema hivyo. Mirathi ikifika kwa Kadhi, kiwanja kinaorodheshwa pamoja na nyumba na shamba, na kila mrithi anahesabiwa fungu lake. Sasa ni chama kinachotakiwa kuthibitisha kuwa marehemu alikuwa ameshika amana. Ushahidi ni nini? Ni muhtasari wa kikao kilichoamua kununua, risiti za michango, taarifa ya benki inayoonyesha pesa zilitoka akaunti ya chama, na mkataba wa mauzo. Kama michango ilipitia laini ya simu ya mweka hazina na muhtasari haukuandikwa, kesi inabaki mikononi mwa mashahidi wazee. Na kama warithi wameshamuuzia mtu wa tatu asiyejua lolote, huenda kiwanja kisirudi kabisa, na chama kibaki kuwadai warithi pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuandika majina ya watu watatu badala ya mmoja ni bora, lakini hakutoshi. Zamani wadhamini waliweza kuandikwa kama wamiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifa fungu lake hubaki kwa waliosalia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliubana umiliki wa namna hiyo nje ya mume na mke. Ikichukuliwa kuwa kila mmoja ana fungu lake, basi akifa mdhamini, fungu lile linaelekea kwa warithi wake. Kwa uchache, mkiandika majina ya watu, hakikisheni yanafuatwa na maneno kuwa wanaishika ardhi kama wadhamini, na hati inayoeleza amana hiyo iandikwe na kutiwa saini siku hiyo hiyo.

Njia iliyo salama zaidi imo katika Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164. Wadhamini walioteuliwa na jumuiya ya dini, elimu, michezo au ya hisani wanaweza kuomba wasajiliwe kuwa shirika lenye jina lake na muhuri wake. Wakishapewa cheti hicho cha pili, ardhi inaandikwa kwa jina la shirika la wadhamini. Mdhamini akifa, akihama au akijiuzulu, anawekwa mwingine, lakini hati ya kiwanja haiguswi. Shirika hilo pia linaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, tofauti na chama chenye cheti cha Msajili tu, ambacho kesi zake hupitia kwa majina ya viongozi. Makanisa mengi makubwa hushika ardhi zao kwa mpango huu. Mali iliyowekwa wakfu ina sheria yake na Kamisheni yake, kwa hivyo msichanganye mambo hayo mawili.

Kisha kuna wajibu. Mdhamini ameandikwa kwenye hati, lakini mali si yake. Anaishika kwa kazi iliyotajwa katika katiba tu. Hawezi kuuza, kuweka rehani wala kukodisha ila kwa idhini ambayo katiba inaitaka. Hawezi kujikodishia chumba cha duka cha chama kwa bei ya chini, wala kumpa shemeji yake kandarasi bila chama kujua na kukubali. Hata kama hakuna hasara, faida aliyoipata kwa nafasi ile ni ya chama. Na wadhamini wenzake walionyamaza wakijua, nao wanaweza kudaiwa kutoka mifukoni mwao.

Pesa za kila siku ni kazi ya mweka hazina. Sheria inataka hesabu ziwekwe, mkutano mkuu ufanyike angalau mara moja kwa mwaka na hesabu zisomwe hapo, na taarifa ya mwaka ipelekwe kwa Msajili. Mwanachama ana haki ya kuona vitabu vya hesabu na orodha ya wanachama. Ukinyimwa vitabu hivyo, hiyo ni dalili ya kwanza kuwa kuna jambo.

Dalili ya pili iko kwa Msajili. Viongozi wakibadilika, taarifa ipelekwe ndani ya siku 14. Vyama vingi huchagua, hupiga makofi na kwenda nyumbani, na miaka minane baadaye faili bado lina majina ya viongozi wa kwanza. Siku ya mzozo, benki na mahakama hutazama faili, si makofi.

Basi kama chama chenu kina kiwanja, nendeni ofisi ya ardhi mkatafute rekodi yake, muone jina lililoandikwa. Likiwa ni la mtu mmoja na yuko hai, mwombeni atie saini hati ya kukiri amana mbele ya wakili sasa, kisha kiwanja kihamishwe kwa wadhamini. Akiwa amefariki, chama kiweke tahadhari kwenye rekodi hiyo kabla ya warithi kuuza, halafu mkae nao kwa heshima mkiwa na risiti mkononi.