Kukadiria Paipu na Nyaya za Umeme kwa Kutumia Ramani

Ramani ya nyumba huonyesha umbali wa mlalo tu. Soketi na swichi huonekana kama alama ukutani, lakini mahali paipu inapopanda au kushuka hapaonekani. Anayetegemea rula peke yake hufika dukani na hesabu pungufu.

Kwanza kipimo cha ramani huhakikiwa. Katika ramani ya 1:100, sentimita 1 ni mita 1. Ukuta ulioandikwa urefu wake hupimwa kwa rula. Namba zisipolingana, nakala ilipunguzwa au ilikuzwa ilipochapwa. Baada ya hapo hupimwa njia ambayo paipu itapita, si mkato wa moja kwa moja.

Mfano ni chumba cha kulala chenye soketi mbili. Paipu hupita darini, mita 2.8 kutoka sakafuni. Kisanduku cha fyuzi kiko kwenye urefu wa mita 1.5, na soketi mita 0.3. Kwenye ramani, kutoka kisandukuni hadi soketi ya kwanza ni mita 6.5, na kutoka hapo hadi ya pili ni mita 4. Jumla ya mlalo ni mita 10.5.

Sasa wima huongezwa. Kutoka kisandukuni paipu hupanda mita 1.3, kisha hushuka mita 2.5 kwenye soketi ya kwanza. Hupanda tena mita 2.5 na kushuka mita 2.5 kwenye ya pili. Hizo ni mita 8.8, na jumla inakuwa mita 19.3. Ikiongezwa asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kutupa, inafika mita 21.2. Kwa paipu za mita 3, saba hazitoshi, hununuliwa nane.

Nyaya za soketi ni tatu: laivu, nyutro na ethi. Kila moja hufuata mita 19.3, pamoja na mita 0.5 za kufungia kisandukuni na mita 0.2 kwa kila ncha kwenye soketi. Ncha hizo ni tatu, hivyo ni mita 20.4, kwa asilimia 10 ya ziada, kama mita 22.5 za kila rangi.

Kwenye taa, kuzidisha urefu wote kwa tatu kwa kila rangi hupotosha. Tuseme paipu ya kutoka kisandukuni hadi taa ina mita 6.3, na ya kutoka taa hadi swichi mita 3.4. Nyutro huishia kwenye taa. Laivu hushuka hadi swichi na kurudi ikiwa imekatizwa na swichi, na ethi hufika swichini pia. Kabla ya ziada, nyutro huhitaji mita 6.3, ethi mita 9.7, na laivu mita 13.1. Kwa hiyo nyaya huhesabiwa kipande kwa kipande, na kila rangi hujumlishwa peke yake.