Shangazi Tunza, kanga wa benki

Mwaka 1983 benki ya NatWest ya Uingereza ilianza kuwapa watoto vibubu vya kauri vyenye umbo la nguruwe. Mtoto aliyefungua akaunti alipewa Woody, kitoto kilichovaa nepi. Dada, kaka, mama na mwishowe baba yao, Sir Nathaniel Westminster, walikuja mmoja mmoja kadiri akiba ilivyopanda hadi pauni 100. Mtoto alitaka familia itimie rafuni kwake, kwa hiyo aliiacha akiba yake ikue. Nguruwe wale walifanya kazi kwa sababu walifungwa na tendo lenyewe la kuweka akiba. Maskoti nyingi hukosa jambo hilo: huwa picha ya mnyama anayecheka pembeni ya nembo, na mteja hajui amekuja kufanya nini.

Sasa tuseme kuna benki ndogo ya akiba yenye matawi Tanga, Dar es Salaam na Unguja, nayo inataka maskoti kwa ajili ya watoto na vikundi vya vikoba. Nguruwe hafai, maana wateja wengi wa Pwani ni Waislamu. Sungura wa hadithi zetu anapendwa, lakini anajulikana kwa kula mazao ya wenzake, na hakuna atakayemwachia fedha. Chiriku hafungi mdomo, ilhali benki hutunza siri za watu. Kobe ana subira ya mwenye akiba, ila mteja aliyesimama foleni saa nzima akimtazama kobe ukutani atajua la kusema. Kila mnyama ana sifa aliyokwisha kupewa na hadithi, na mchoraji hawezi kuifuta kwa rangi.

Mimi ningemchagua kanga, yule ndege wa madoadoa. Hutembea kwa makundi, kama wanakikoba. Hudonoa punje moja moja tangu asubuhi. Zaidi ya hayo, akiona hatari hupiga kelele kijiji kizima kisikie, ndiyo maana wafugaji wengine humweka kama mlinzi. Sifa hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kwa benki, na nitairudia.

Tumpe jina Tunza, tumfanye shangazi. Hapo tabia yake inaanza kujiandika. Shangazi hutoa zawadi lakini huuliza chenji iko wapi. Anaweza kumkemea mtoto bila kumvunja moyo. Apewe na kasoro moja, maana mhusika asiye na kasoro hachekeshi wala hakumbukwi: Shangazi Tunza ana wasiwasi kupita kiasi, hata akienda sokoni kununua nyanya huhesabu fedha mara tatu. Watoto watamcheka kwa hilo, na huku wanamcheka watakuwa wanajifunza kuhesabu.

Msemo wake unatoka humo humo: "Hesabu kwanza!" Maneno mawili, yanaingia kwenye tangazo la redio, ujumbe wa simu na ubavu wa kibubu. Kabla ya kuupitisha msemo wowote, uweke mdomoni mwa mteja mwenye hasira. "Fedha yako iko salama" utageuka kejeli siku mtandao unapokatika na kadi haitoi kitu. "Haraka haraka haina baraka" ni matusi dirishani kwenye foleni ndefu. "Hesabu kwanza!" unastahimili, kwa sababu hata mteja akiutupa usoni mwa karani kwa dhihaka, anamkumbusha karani wajibu wake.

Msemo wa pili ni wa hatari. Watanzania wengi wamewahi kupokea ujumbe wa tapeli usemao fedha ile itumwe kwenye namba hii. Hapa ndipo kelele za kanga zinapopata kazi: "Simama, uliza, kisha utume." Sambamba na msemo huo iwekwe kanuni isiyovunjwa hata siku moja: Shangazi Tunza haombi namba ya siri, hatumi kiungo cha kubonyeza, wala hatangazi zawadi kwa ujumbe wa simu. Matapeli wataiba sura yake, hilo litegemewe. Kama benki yenyewe imewahi kumtumia hata mara moja kutangaza bahati nasibu kwa ujumbe, mteja hatakuwa na njia ya kumtambua wa uongo.

Kanuni za mwonekano huandikwa kwenye kitabu kidogo kinachogawiwa kila tawi. Ndani yake mhusika huchorwa mbele, ubavuni na mgongoni, pamoja na nyuso chache: furaha, wasiwasi, mshangao. Kanga ana tatizo lake hapa. Madoa yake yanapendeza kwenye bango, lakini kwenye alama ya programu ya simu au muhuri wa mpira yanageuka uchafu. Kwa hiyo kuwe na michoro miwili: wa bango, wenye madoa mengi, na wa ukubwa wa kucha, wenye madoa matano makubwa tu. Upime kwa kuutoa fotokopi nyeusi na nyeupe, kisha kuutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Ukidhani ni kuku, kichwa na umbo la mgongo vichorwe upya.

Umbo ndilo lisilobadilika. Mazoea yanaweza kubadilika. Bibendum, mtu wa matairi wa Michelin aliyezaliwa mwaka 1898, mwanzoni alivuta sigara nene na kuvaa miwani ya kubana puani. Vyote viliachwa, lakini yale mapete ya mwilini yamebaki, na bado anatambulika.

Mtandio wa Shangazi nao unahitaji uamuzi. Kijani na njano vitasomwa kama Yanga, au kama CCM mwaka wa uchaguzi. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Zambarau nayo ni ya ACT-Wazalendo, hivyo itafutwe rangi isiyo na ugomvi na mtu. Kitabu kimkataze meneja wa tawi kumbadilishia nguo kwa hiari yake.

Kisha kuna vazi lenyewe, lile ambalo mtu huingia ndani yake. Katika joto la Dar es Salaam mvaaji asizidishe dakika 20 kabla ya kupumzika na kunywa maji, na wawe wawili wa kupokezana. Haoni vizuri, hivyo atembee na msindikizaji. Asiongee, kwa sababu sauti ya Shangazi ni ya mwigizaji mmoja wa redio, na watoto hutambua sauti ngeni mara moja. Kichwa kisivuliwe mbele ya watu. Mtoto asifuatwe: Shangazi huchutama, hunyoosha bawa, husubiri. Mwenye kulia aachwe na mama yake. Akikutana na mzee huinama kwanza, kwani shangazi asiyetoa heshima ameshapoteza ushangazi.

Kanuni ninayoipigania kuliko zote inahusu mahali asipopaswa kuonekana. Asiwekwe kwenye barua ya kudai mkopo uliochelewa, wala kwenye tangazo la kupandisha ada au ilani ya kupiga mnada nyumba. Mtu anayepoteza kiwanja chake akimwona kanga anatabasamu juu ya karatasi hiyo, chuki yake ataipeleka kwa ndege, na watoto wake watamkumbuka hivyo. Habari nzito isainiwe na meneja kwa jina lake.

Mwisho ni karatasi. Mkataba na mchoraji useme wazi kwamba haki za mchoro zinahamia benki, na kwa malipo gani. Kumlipa kazi pekee bila maandishi hayo huzaa kesi baadaye. Jina na sura visajiliwe kama alama ya biashara BRELA kwa Bara, na kwa kuwa benki yetu ina tawi Unguja, usajili wa pili ufanywe BPRA Zanzibar, kabla ya bango la kwanza kupandishwa.