Kwa nini njiti ya kiberiti haiwaki ukutani?

Chukua njiti ya kiberiti uisugue ukutani. Kwa kawaida kichwa kitapukutika na moto hutauona. Sasa chukua nyingine uisugue mara moja tu kwenye ule ubavu wa kahawia wa kisanduku: inawaka. Ukuta nao unakwaruza vizuri tu, kwa hiyo msuguano peke yake hautoshi. Ukweli ni kwamba kichwa cha njiti ni nusu tu ya kiberiti. Nusu nyingine iko ubavuni.

Kichwani mna klorati ya potasiamu, chumvi inayotoa oksijeni ikipata joto. Mna pia salfa ya kuungua na gundi ya kuvishikanisha. Ubavuni kuna fosforasi nyekundu iliyochanganywa na unga wa kioo. Ukisugua, kioo kinakwangua chembe za fosforasi, na joto la msuguano linageuza kidogo kuwa fosforasi nyeupe, ambayo ni kali sana: hushika moto yenyewe ikiguswa na hewa. Chembe hizo zikikutana na klorati, zinawaka papo hapo, zinaamsha salfa, halafu moto unahamia kwenye mti.

Lakini kwa nini visiwekwe vyote kichwani? Kwa sababu klorati na fosforasi nyekundu zikichanganywa hulipuka kwa kuguswa kidogo tu. Viberiti vya zamani viliwekwa fosforasi nyeupe kichwani, vikawa vinawaka popote, hata mfukoni. Kibaya zaidi, mvuke wake uliozesha mifupa ya taya za wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1844 Mswidi Gustaf Erik Pasch alipata hataza ya kiberiti kinachotenganisha kemikali hizo, na hadi leo kisanduku chako kinafuata wazo hilo.

Kiberiti cha gesi kina njia yake. Kile cha jiwe kina gurudumu linalokwangua kipande cha aloi ya seriamu na chuma, na vipande vinavyoruka huungua vyenyewe hewani. Kile cha kubonyeza kina nyundo ndogo inayogonga kauri maalumu. Kauri ikigongwa hutoa umeme wa maelfu ya volti, nao unaruka kama cheche. Vyote viwili havibebi oksijeni, vinategemea ile iliyo hewani kuunguza gesi.

Hapo unapata pia majibu ya matatizo ya jikoni. Njiti ikisagika bila kuwaka, angalia ubavu: ukiwa umechakaa hadi karatasi inaonekana, fosforasi imeisha. Kichwa kikiwa laini na kinapaka rangi, kimeingia unyevu. Na ukisikia harufu ya gesi jikoni, usijaribu chochote kati ya hivi, wala usiguse swichi ya taa. Gesi na hewa tayari vipo, na cheche moja ndiyo pekee iliyobaki. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje.